Waya wa pili kati ya swichi mbili, na ofisi nzima imekaa

*"Shikamoo kaka. Ofisi yetu ipo Moshi mjini, chini na ghorofani, kompyuta 14. Tuna swichi ya poti 16 chini na ya poti 8 juu, zote zile ndogo za kuchomeka tu. Tangu Jumatatu mtandao unakufa: intaneti hakuna, printa haionekani, hata waifai ya simu haishiki. Tukizima swichi zote na kuwasha, tunapata sekunde chache halafu unakufa tena, na taa zote zinapepesa kwa kasi. Watu wa intaneti wamekuja mara mbili, wanasema kwao kuko sawa. Mwingine anasema ni virusi, tupige windo upya kompyuta zote. Kilichobadilika ni kimoja tu: Jumamosi kijana wetu alivuta waya wa pili kati ya swichi ya chini na ya juu, maana ule wa zamani umetafunwa na panya, na tulitaka tuwe na akiba na kasi iongezeke. Waya mpya umepimwa, ni mzima. Tuanzie wapi?"*

Marahaba, dada yangu. Kabla hujasoma zaidi, panda ghorofani, chomoa waya ule wa Jumamosi kwenye swichi ya poti 8 na uuache ukining'inia. Usizime kitu kingine chochote. Simama hapo hapo utazame taa. Kama mambo ni kama ninavyoyaona kutoka huku, zitatulia hapo hapo, hata hujaondoa mkono kwenye waya. Badala ya kupepesa zote kama mtu mmoja, zitaanza kupepesa kila moja kwa wakati wake, hii mara mbili, ile imenyamaza, kama zilivyokuwa wiki iliyopita. Subiri dakika moja hivi, kisha mwambie mtu afungue ukurasa wowote.

Virusi hakuna hapo, na watu wa intaneti wamewaambia kweli. Kinachowasumbua sisi mafundi tunakiita lupu: swichi mbili zimeunganishwa kwa njia mbili, na njia zote mbili ni nzima. Uzima huo ndio shida yenyewe. Ule waya uliotafunwa na panya bado unapitisha, nina hakika, maana ungekuwa umekatika kweli mngebaki na njia moja tu, na Jumatatu mngefanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana pia kipimo cha waya mpya hakikuwasaidia. Kile kifaa kinapima nyuzi nane za waya mmoja, kinasema zimefika au hazijafika. Hakiwezi kukuambia kwamba waya huo mzima umefunga duara.

Nikueleze sasa duara hilo linafanya nini, kwa sababu ukilielewa hutahitaji kuniamini mimi kwa neno tu, utaona mwenyewe kila dalili uliyoniandikia imetoka wapi.

Swichi ya kuchomeka tu inajua mambo mawili. La kwanza, ikipokea ujumbe wa kompyuta moja kwenda kwa nyingine, inaangalia orodha yake ya anwani: huyu anayetafutwa niliwahi kumwona akiongea kupitia poti gani? Inaupeleka kwenye poti hiyo pekee. La pili, ikipokea tangazo, yaani ujumbe unaotakiwa kumfikia kila mtu, inalinakili na kulitoa kwenye kila poti isipokuwa ile lililoingilia. Matangazo si kitu cha ajabu. Kompyuta ikiwashwa inatangaza kuomba anwani. Ikitaka kuongea na ruta inatangaza kuuliza ruta ni nani. Printa nazo hujitangaza zenyewe. Ofisi ya kompyuta 14 haipitishi saa bila matangazo mengi madogo madogo, na siku ya kawaida hakuna anayeyahisi.

Tulifuate tangazo moja. Mhasibu wenu yupo chini, tuseme waya wake umechomekwa poti ya 5. Kompyuta yake inauliza: nani mwenye anwani 192.168.1.1? Swichi ya chini inalipokea swali hilo na kulitoa kwenye poti zake zote zilizobaki. Linamfikia ruta, sawa. Linaifikia printa, haina habari nalo, inalipuuza. Lakini pia linapanda juu kwa waya wa zamani, na nakala nyingine inapanda kwa waya mpya.

Swichi ya juu inapokea nakala iliyopita waya wa zamani. Inafanya kazi yake: inaitoa kwenye poti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Waya mpya ni mojawapo ya poti hizo, basi nakala inateremka chini kwa waya mpya. Sekunde haijasogea, inapokea na ile iliyopita waya mpya, nayo inaiteremsha kwa waya wa zamani. Sasa swichi ya chini inapata nakala mbili kutoka juu. Haikumbuki kwamba swali hili imeshalipeleka. Inazipokea kama matangazo mapya, inazigawa kwa ofisi yote ya chini, pamoja na mhasibu mwenyewe aliyeuliza, kisha inazirudisha juu. Nakala moja inazunguka upande huu, nyingine upande ule, na kila zikipita zinamwagwa kwenye kila kompyuta.

Utauliza zitachoka lini. Hazichoki. Ujumbe unaosafiri kwenda mbali kwenye intaneti umebebeshwa namba ambayo kila ruta inaipunguza moja, mara nyingi ikianzia 64 au 128, na ikifika sifuri ujumbe unatupwa. Umewahi kuiona: ukipiga ping, ile amri ya kuuliza kifaa kingine kama kinajibu, mwisho wa mstari pameandikwa `TTL=64` au namba nyingine. Lakini swichi haigusi namba hiyo. Inaangalia bahasha ya nje tu, na bahasha ya nje haina hesabu yoyote ya umri. Kwa hiyo swali moja la mhasibu la saa mbili asubuhi litakuwa linazunguka hata saa kumi jioni, kama hakuna aliyechomoa waya au kuzima umeme.

Na mzunguko mmoja hauchukui muda. Kwa swichi mbili zilizo karibu hivyo, nakala moja inaweza kuzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Waya wa kasi ya megabiti 1,000 unajaa ukipitisha takribani jumbe milioni 1.5 za ukubwa mdogo kabisa kwa sekunde. Sasa piga hesabu: kila tangazo jipya linaongeza nakala mbili zisizokufa, na matangazo mapya hayakomi kuja kwa sababu kompyuta zisizopata jibu zinauliza tena na tena. Matangazo machache tu yanatosha kuujaza waya. Mkiongeza waya wa tatu kati ya swichi hizo, hali inakuwa mbaya kuliko hapo, maana kila nakala ikifika inatoka kwa njia mbili, zinakuwa mbili, nne, nane, kumi na sita, na kadhalika. Kwa nyaya mbili zinaongezeka kwa kujumlishwa, kwa tatu zinaongezeka kwa kuzidishwa.

Hiyo ndiyo tunaita tufani ya matangazo, na zile sekunde chache mnazopata mkizima na kuwasha ndizo zilizonithibitishia. Umeme ukikatika, kila nakala iliyokuwa inazunguka inafutika. Swichi zinaamka zikiwa safi. Kisha kompyuta ya kwanza inatoa tangazo lake la kwanza, na duara limejaa upya. Kifaa kilichoharibika hakipati nafuu kila mara kwa sekunde zile zile, na virusi havisubiri swichi iwashwe.

Kuna jambo la pili linalotokea chini chini, na hili ndilo linalofanya hata jumbe za kawaida zipotee. Nimesema swichi ina orodha ya nani yuko poti gani. Inaiandika kwa kuangalia ujumbe umetoka kwa nani na umeingilia wapi. Mhasibu alipouliza, swichi ya chini iliandika: mhasibu yuko poti ya 5. Kweli kabisa. Lakini swali lake lile lile liliporudi kutoka juu, likiwa bado na jina lake kama mtumaji, swichi ikafuta na kuandika: mhasibu yuko kwenye waya wa zamani. Nukta moja baadaye: hapana, yuko kwenye waya mpya. Ruta anapojibu, jibu linapandishwa ghorofani kumtafuta mtu aliyekaa mita tatu kutoka kwenye swichi ya chini. Kwa hiyo hata kama waya ungekuwa na nafasi, barua zingeendelea kupelekwa nyumba isiyo yake.

Ukiunganisha haya mawili utaelewa na mengine. Waifai imekufa kwa sababu kisambazaji chake kimechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo, na matangazo yanaporushwa hewani hurushwa kwa kasi ya chini kabisa ili kila simu, hata ya zamani, iyasikie. Hewa inajaa mapema kuliko waya. Printa imepotea kwa sababu ubongo wake ni mdogo, unazidiwa na kupokea matangazo yasiyoihusu. Kompyuta zenyewe zinakuwa nzito na feni zinavuma, maana tangazo ni ujumbe ambao kila mashine lazima iufungue kujua kama unaihusu. Huo uzito ndio uliomfanya yule bwana afikiri virusi. Simlaumu, zinafanana sana. Lakini msikubali kupiga windo kompyuta 14 kabla ya kuchomoa waya mmoja. Mtapoteza siku mbili, mtapoteza na mafaili ya watu, na kompyuta mpya kabisa zitakwama vile vile.

Na watu wa intaneti? Wao wakifika huchomoa waya wa ofisi kwenye ruta, wanachomeka laptopu yao moja kwa moja, wanapima, wanaona kasi ipo. Wakirudishia waya wenu, ruta anaingia tena kwenye tufani. Wewe mwenyewe unaweza kufanya kipimo hicho wakati wowote ofisi ikikwama. Laptopu moja, waya mmoja, moja kwa moja kwenye ruta. Ikifanya kazi, tatizo liko upande wenu wa ruta, na simu ya malalamiko kwa mtoa huduma haitalitatua.

Sasa nije kwenye fikra iliyowafikisha hapa, kwa sababu ni fikra ya mtu mwenye akili timamu. Ukiwa na mabomba mawili maji yanaongezeka. Ukiwa na barabara mbili, moja ikifungwa unapita nyingine. Kwa nini nyaya zisiwe hivyo? Wewe uko Moshi, umeshaona mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, unavyoshuka kutoka mlimani kwenda kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani. Ukiugawa mfongo mara mbili na kuukutanisha tena chini, hakuna ubaya, kwa sababu maji yana mteremko. Yanajua kwenda. Hayawezi kupanda kwa tawi la pili kurudi yalikotoka. Kwenye swichi za kuchomeka tu hakuna mteremko. Hakuna juu wala chini, kila poti ni sawa na nyingine, na chochote kilichoteremka kwa tawi moja kinaweza kupanda kwa tawi la pili milele.

Mteremko huo unaweza kutengenezwa. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani, mama Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni utaratibu wa swichi kuongea zenyewe kwa zenyewe, kuchagua mmoja wao awe shina, kisha kila moja kutafuta njia fupi ya kulifikia shina hilo na kuziba kwa muda njia zote za ziada. Waya wa akiba unakaa umechomekwa lakini umefungwa kimya kimya. Ule mkuu ukikatika, wa akiba unafunguliwa. Utaratibu huo unaitwa STP, ulipitishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1990 kwa jina la IEEE 802.1D, na toleo lake la haraka linaitwa RSTP. Swichi zenye ukurasa wa mipangilio zinao, nyingi kati ya hizo. Swichi za kuchomeka tu, kama zenu, kwa kawaida hazina.

Zamani kidogo kosa hili lilikuwa gumu kulifanya. Kuunganisha swichi kwa swichi kulihitaji waya wa kukrosi, ambao nyuzi zake zimepishanishwa, au poti maalumu. Ukichomeka waya wa kawaida, taa haikuwaka. Swichi za sasa zinajigeuza zenyewe, waya wowote kwenye poti yoyote unashika. Ni raha kwetu sote, lakini kile kizuizi cha bahati kimeondoka.

Nikupe kisa kimoja ili uone lupu inavyojificha hata pasipo mtu kuvuta waya mpya. Niliitwa ofisi moja ya watalii Arusha, msimu wa juu, wageni wanasubiri vocha zao na barua pepe haziendi. Swichi tatu, kompyuta ishirini na kitu. Kila mtu alinihakikishia hakuna kilichoguswa. Nilifika, nikaangalia kabati la swichi: taa za kijani zote zinapiga kwa mpigo mmoja, haraka kiasi kwamba ukizitazama kwa mbali unadhani zimewaka tu bila kupepesa. Kuanzia hapo sikuhitaji kujiuliza ni nini, nilihitaji kujua ni wapi.

Nikawaomba wafunge kwanza programu ya hesabu na mafaili yaliyo kwenye seva. Nikachomoa nyaya zote kwenye swichi kuu, nikabakiza ruta na laptopu yangu. Kwenye laptopu nikaacha hii inazunguka:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Majibu yakaja safi, milisekunde moja au chini yake. Nikaanza kurudisha waya mmoja mmoja. Kila nikirudisha mmoja nasubiri kidogo, na kwenye dirisha la pili napiga ping kwenye anwani ambayo najua hakuna mtu anayeitumia:

```
ping 192.168.1.250
```

Hiyo ya pili haikuwa ya kutafuta jibu. Kompyuta ikitafuta anwani isiyopo inalazimika kutangaza kuuliza, kwa hiyo nilikuwa napandikiza mbegu ya tufani makusudi. Kama duara lipo, litajaa mbele ya macho yangu, halitasubiri niondoke ndipo lianze. Nyaya kumi na moja, kimya. Wa kumi na mbili, dirisha la kwanza likabadilika:

```
Reply from 192.168.1.1: bytes=32 time=1847ms TTL=64
Request timed out.
Request timed out.
```

Na taa zikaanza ule mpigo. Watu wengi hapa hukosea: wanaukata ule waya wa kumi na mbili wakidhani ndio mbovu. Sio mbovu. Duara lina pande mbili, na ule wa mwisho kurudishwa ndio uliolikamilisha tu, mwenzake alikuwa ameshachomekwa zamani. Kinachotakiwa ni kuufuata hadi mwisho wake. Tulioufuata ulitupeleka chumba cha mikutano, kwenye soketi ya ukutani. Karibu na mlango kulikuwa na soketi ya pili. Kati ya soketi hizo mbili, nyuma ya pazia, kulikuwa na waya mfupi wa bluu wa mita mbili, kichwa kimoja huku, kingine kule. Mtu alifanya mkutano, akachomoa laptopu yake, akaona kichwa cha waya kimelala sakafuni, akakichomeka kwenye tundu la karibu ili pasionekane vurugu. Alitaka kuacha chumba safi. Soketi zote mbili zilikuwa zinakwenda kwenye swichi kuu ile ile.

Nimekusimulia hiki kwa sababu kama ukishachomoa waya wa Jumamosi na taa zisitulie, basi kuna duara la pili, na njia ya kulitafuta ni hiyo hiyo. Angalia hasa swichi ndogo za poti 5 zilizofichwa chini ya meza, na simu za mezani za mtandao. Simu hizo zina poti mbili nyuma, moja ya ukutani na moja ya kompyuta, na mtu akihamisha meza huweza kuzichomeka zote mbili ukutani. Badala ya anwani 192.168.1.1 tumia ya ruta wenu. Utaiona kwa kuandika `ipconfig`, mbele ya maneno `Default Gateway`. Ila ifanye wakati mtandao ukiwa mzima, au uichukue kutoka kwenye laptopu iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ruta, kwa sababu kompyuta iliyowashwa katikati ya tufani mara nyingi hukosa anwani na kujipa yenyewe inayoanza na 169.254. Ukiikuta hiyo baada ya mambo kutulia, andika `ipconfig /renew` itapata anwani sahihi. Printa izime na kuiwasha mara moja.

Tuje kwenye mlichokuwa mnakitaka tangu mwanzo: akiba, na kasi.

Kasi iache. Waya mmoja mzima kati ya swichi mbili za kisasa unapitisha megabiti 1,000 kwa sekunde. Kompyuta zenu za juu ni chache, na intaneti mnayolipia bila shaka ni sehemu ndogo ya hiyo. Waya wa pili usingewaongezea kitu hata kama usingeleta tufani. Na kuunganisha nyaya mbili ziwe kama moja kunawezekana tu kwa swichi zenye mipangilio pande zote mbili, ambapo unaziambia kwa maandishi kwamba poti hizi mbili ni kundi moja. Swichi za kuchomeka tu hazina mahali pa kuambiwa. Kitu kimoja cha kuangalia: ule waya uliotafunwa. Kwa megabiti 1,000 nyuzi zote nane zinahitajika. Panya akikata mbili kati ya zile ambazo kasi ya chini haizitumii, waya bado utawaka lakini kwa megabiti 100. Swichi nyingi zinaonyesha hilo kwa rangi ya taa au taa moja badala ya mbili, maelezo huwa yamechapwa kwenye uso wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ubadilishe, usijumlishe. Uache waya mpya ndio uwe njia kuu, kwa sababu umepimwa na haujaguswa na meno. Uchomoe kwanza ule wa zamani, ndipo uuchomeke tena huo mpya. Mkitaka kuuacha ukutani kama akiba, uchomoe kichwa cha juu na cha chini vyote viwili, sio kimoja. Kichwa kimoja kikining'inia karibu na swichi yenye tundu tupu, siku moja mtu mwema atakichomeka. Vizungushie karatasi ya gundi, uandike kwa kalamu nene: AKIBA, USICHOMEKE MPAKA MWINGINE UTOLEWE. Waya mkuu ukifa, mtu yeyote ofisini atasoma, atatoa ule, ataweka huu, dakika mbili mmerudi kazini. Haina gharama, na kwa ofisi yenye ukubwa wenu ndiyo njia ningeichagua kwangu. Pesa mliyotaka kutumia kwingine wekeni kwenye bomba la plastiki la kupitishia waya, panya asiufikie.

Kama kazi yenu ni ya aina ambayo dakika mbili ni nyingi, au hakuna mtu wa kupanda ngazi, basi nunueni swichi mbili zenye STP, chini na juu, na fundi aiwashe kabla ya kuchomeka waya wa pili. Nasema mbili kwa makusudi. Ukiweka moja yenye STP na kuiacha nyingine ya kuchomeka tu, mara nyingi itafanya kazi, kwa sababu ile yenye akili inatuma ujumbe wake wa kujichunguza, ile nyingine inaupitisha bila kuuelewa, na ya kwanza ikiuona umerudi kwa poti ya pili inaiziba. Lakini baadhi ya swichi za kuchomeka zinameza ujumbe huo badala ya kuupitisha. Hapo ile yenye akili haijui kama kuna duara, na tufani inaanza mbele yake. Huwezi kujua yako ni ya aina gani kwa kuitazama.

Kuna na aina ya katikati, bei yake iko karibu na za kawaida, yenye ukurasa mdogo wa mipangilio ambamo utaona maneno `Loop Prevention` au `Loop Detection`. Hiyo haiwapi waya wa akiba unaojifungua wenyewe kwa mpango mzuri kama STP. Inachofanya ni kuziba poti ikigundua duara. Kwa ofisi ambayo watu wanahamisha meza na kuchomeka chomeka, ni kinga nzuri sana, na kama mnafikiria kubadilisha ile ya poti 16 kwa sababu nyingine yoyote, chukueni yenye hicho. Nyingine huja kikiwa kimezimwa, kwa hiyo msiishie kwenye kuinunua, ingieni mkakiwashe.

Fundi wa kuja kwa miguu yake utamhitaji kama umechomoa waya wa Jumamosi, umefanya ule utaratibu wa waya mmoja mmoja, na bado mtandao unakufa. Pia kama mna kamera au simu za mtandao ambazo hujui nyaya zake zinaishia wapi, usizichomoe kwa kubahatisha, msubiri. Akija, mwombe aje na kipima waya na laptopu yenye programu ya Wireshark. Kwenye tufani ataifungua kwa sekunde chache tu na kuona swali moja lile lile, la mtumaji yule yule, limejirudia maelfu ya mara. Hilo litamthibitishia kwamba duara lipo, ingawa jina la mtumaji huyo halitamwambia liko wapi. Akianza kwa kukuuzia ruta mpya au kupiga windo bila kuangalia taa za swichi wala kuuliza nyaya zinakwenda wapi, mshukuru na utafute mwingine. Na kabla hujamlipa yule mzuri, mwombe akuachie mchoro: swichi ipi, poti ipi, waya unaishia soketi gani. Karatasi moja, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la swichi, na kijana wenu aisome kabla ya kuvuta waya mwingine.